"Dawa Inabaki Tumboni Hapana"

Juma hili ninataka tuzungumze juu ya watoto wanaofika katika nyumba zetu bila kujua Kiswahili. Ni wengi kuliko zamani. Baba anahamishwa kazi, mama anafariki, vita vinasukuma jamaa upande huu, na asubuhi moja unajikuta na mtoto wa ndugu yako ameketi jikoni, anakutazama, anafungua kinywa, na maneno yanayotoka yanakuwa kama mtu ameyamwaga chini na kuyaokota bila mpango. Watoto wa nyumba wanacheka. Jirani anasema mtoto huyu ana akili nusu. Lakini mtoto yule amesema jambo kamili, na mara nyingine jambo hilo linahusu uzima wa mtu.

Mimi ni mwalimu wa mwaka wa tatu katika shule ya msingi hapa Bukavu. Tangu Septemba nina binti mmoja wa miaka tisa aliyetoka Kinshasa. Anakaa kwa shangazi yake, karibu na kwangu, na ndani ya nyumba hiyo kuna pia nyanya mzaa baba, mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri tena. Shangazi anafanya biashara ya mchele. Nyanya anajua Kiswahili na Mashi, na Kilingala chake ni kile cha nyimbo tu. Binti anajua Kilingala na Kifaransa kidogo cha shule. Kwa hiyo, shangazi akitoka, ndani ya nyumba wanabaki watu wawili wanaopendana lakini wasiosikilizana, pamoja na mtoto mdogo wa miaka miwili.

Tangu mwanzo nilikuwa na daftari ndogo ambamo ninaandika sentensi za binti huyu vilevile anavyozisema, bila kuzinyoosha. Ni desturi niliyoitoa kwenye masomo ya ualimu. Walitufundisha huko juu ya Mwingereza mmoja aitwaye Pit Corder, ambaye mwaka wa 1967 aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha yako ya namna mbili. Kuna kuteleza kwa ulimi, kama vile sisi wote tunavyoteleza tukiwa tumechoka, na kesho yake kosa lile halirudi. Halafu kuna kosa linalorudi kila siku mahali palepale. Hilo la pili ni kanuni ambayo mtoto amejitengenezea kichwani. Ukiijua kanuni yake, utasikia anachosema. Ukitaka kuijua, ni lazima uwe na sentensi nyingi mbele yako, ndiyo sababu ya daftari.

Hizi ni baadhi ya zile nilizoandika katika mwezi wa kwanza:

"Mwalimu, ninasikia hapana."
"Kalamu iko hapana."
"Kesho tunacheza, mvua inanyesha, viatu inaharibika."
"Napenda maji."

Tazameni neno "hapana". Sisi tunalisema mwanzo: hapana, sitaki. Yeye analiweka mwisho, kila mara, na hapumziki mbele yake. Sauti yake inakwenda moja kwa moja, ninasikiahapana, kama neno moja. Anayejua Kilingala atatambua mara moja. Katika Kilingala, kukana kunafanywa na neno dogo "te" linalowekwa mwisho. "Nayebi" ni ninajua. "Nayebi te" ni sijui. Mwanzo wa sentensi haubadiliki hata kidogo. Unaposikia sehemu ya kwanza hujui bado kama mtu anakubali ao anakataa, ni lazima ungoje mwisho. Binti alitafuta "te" ya Kiswahili, akakuta "hapana", akaiweka mahali pa "te". Kwake yeye ni sawasawa kabisa.

Sasa tazameni "kesho". Siku ile aliposema sentensi ya mvua alikuwa ananionyesha viatu vyake, vina matope makavu. Matope ya kesho hayawezi kukauka leo. Katika Kilingala kuna neno moja, "lobi", kwa jana na kwa kesho. Ni siku iliyo karibu na leo, upande huu ao upande ule. Watu wa Kinshasa hawapotei kwa sababu kitendo chenyewe kinaeleza: kikiwa na "aki" mwishoni kimekwisha kupita, kikiwa na "ko" katikati kinakuja. Lakini binti alipoingia katika Kiswahili alikuwa bado hajashika "li" wala "ta" yetu. Alikuwa na "na" peke yake, tunacheza, inanyesha, anakula. Basi akachukua "kesho" kwa siku zote mbili, na kitendo kisichosema ni lini. Mahali hapa ndipo hatari ilipojificha.

Na "napenda maji" ni ninataka maji, kwa sababu neno lao la kupenda na la kutaka ni moja. Hilo halikutusumbua sana. Mtoto akikwambia anapenda maji, na midomo imekauka, utampa.

Sasa niwaeleze yaliyotokea.

Siku ya Jumatatu yule mtoto wa miaka miwili alikuwa na homa. Shangazi akamfikisha kituo cha afya, wakamtoboa kidole, wakaona malaria. Muuguzi akatoa vidonge vitatu: kimoja kwa siku, siku tatu. Cha kwanza alikunywa palepale mbele ya muuguzi. Jumanne alfajiri shangazi alikuwa na safari ya mchele ambayo hakuweza kuiacha, angerudi Jumatano usiku. Akamwonyesha binti kidonge, akamwonyesha kikombe cha uji, akamwambia kwa Kilingala namna ya kufanya. Binti alielewa vizuri. Nyanya akaambiwa kwa Kiswahili: leo kimoja, kesho kimoja.

Jumatano asubuhi nyanya akasema, "Lete kidonge cha mwisho, umpe mdogo wako." Binti hakuleta. Alisimama mlangoni akasema, "Koko, kesho mtoto anakunywa dawa, anatapika. Dawa inabaki tumboni hapana."

Jiwekeni mahali pa nyanya. Amesikia nini? Amesikia "kesho", maana yake binti anataka dawa itolewe kesho na si leo. Amesikia "anatapika", maana yake binti anatabiri kwamba mtoto atatapika, na kutabiri ugonjwa juu ya mtoto si mazungumzo ya asubuhi. Amesikia "dawa inabaki", akagusa pakiti kwa kidole, na kweli kimoja kilikuwa kimebaki. Mwisho akasikia "hapana", na mtu mzima akiambiwa hapana na mtoto wa miaka tisa anajua namna ya kuliita jambo hilo. Maneno yote yaliingia katika hadithi ya ukaidi, hata moja halikukosa nafasi. Kwa hiyo msiseme nyanya hakusikiliza. Alisikiliza kwa Kiswahili.

Alimgombeza. Binti akalia, akarudia sentensi ileile kwa sauti ya juu zaidi. Ndivyo tunavyofanya sisi wote tukiwa katika lugha ya wengine: hatuna maneno mengine, basi tunaongeza sauti. Nyanya akaona sasa ni ukaidi pamoja na kelele. Kidonge kikabaki kwenye pakiti. Mtoto mdogo alikuwa amelala mkekani, mwili wa moto.

Nilipotoka shule, saa saba, walikuwa wamenituma mtu aniite nije nimkemee mwanafunzi wangu. Nyanya akanirudilia maneno ya binti, nayo aliyashika vizuri, mpaka "hapana" ya mwisho.

Kwa daftari yangu ile sentensi haikuwa ngumu. "Kesho" yake inaweza kuwa jana. "Hapana" yake iko mwisho bila pumziko, basi inakana kitendo kilicho mbele yake, "inabaki". Ukiigeuza: jana mtoto alikunywa dawa, akatapika, dawa haikubaki tumboni. Lakini kufikiri si kujua. "Kesho" yake ingeweza pia kuwa kesho ya kweli, naye akawa anaogopa tu kwamba mtoto atatapika. Kwa habari ya dawa hauwezi kwenda na maana unayoipenda. Ni lazima uhakikishe, na kuhakikisha na mtoto asiyejua lugha kuna mitego yake.

Mtego wa kwanza ni kuuliza kwa majina ya siku. Ungeona ni jambo rahisi: muulize, ni Jumanne ao Alhamisi? Lakini sisi tunahesabu juma kuanzia Jumamosi, ndiyo maana Jumatano ina "tano" ndani yake. Kinshasa wanahesabu kuanzia Jumatatu: siku ya pili yao ni Jumanne yetu, na siku ya tano, "mokolo ya mitano", ni Ijumaa yetu. Mtoto anayesikia "tano" ndani ya Jumatano anaweza kukupeleka siku mbili mbele na wewe usitambue. Basi majina ya siku niliyaacha.

Mtego wa pili ni ulizo lenye kukana. Mama mmoja aliyekuwa pale alitaka kusaidia, akamwuliza, "Kwani mtoto hakutapika?" Binti akajibu, "Ndiyo." Mtu angefikiri ndiyo, alitapika. Lakini kwetu, na kwao vilevile, ndiyo ya namna hiyo ni kukubaliana na maneno ya mwulizaji: ndiyo, ni kama unavyosema, hakutapika. Halafu kuna mtoto aliyelia tangu asubuhi, huyo atasema ndiyo kwa kila kitu ili mambo yaishe. Jibu lile halikuwa na faida yoyote kwetu, upande huu wala ule.

Nilichofanya ni kumwomba aonyeshe. Nikampa kikombe na kijiko kitupu, nikamwambia, "Fanya." Akapiga magoti kando ya mkeka. Akaonyesha namna alivyoponda kidonge, alivyokichanganya na maji kidogo ndani ya kijiko, alivyomshika mdogo wake kichwa. Kisha uji, vijiko vitatu ao vinne. Kisha akaweka mkono mbele ya kinywa chake, akatoa ulimi, akashuka na mkono mpaka kifuani. Akasimama, akatuongoza nyuma ya nyumba. Kwenye kamba kulikuwa na kitenge cha kubebea mtoto, kimefuliwa, kimekwisha kukauka kabisa. Akakigusa, akasema, "Ninafua." Kitenge cha kukauka namna ile, wakati asubuhi yote kulikuwa na mawingu, hakikufuliwa leo. Ilikuwa jana. Sasa tulikuwa na hakika ya "kesho" yake bila kutaja siku yoyote.

Likabaki ulizo moja, nalo lilikuwa na uzito. Alitapika nyuma ya muda gani? Wauguzi wetu wanatufundisha kwamba mtoto akitapika dawa ya malaria mbele ya nusu saa kupita, dawa ile ni kama hakuikunywa, na inabidi apewe tena. Ukipita muda huo ni habari nyingine. Lakini mtoto huyu hana saa, wala hajui kusema nusu saa kwa Kiswahili. Nikamwonyesha kikombe tena nikasema tu, "Uji?" Akafikiri. Akasema, "Uji inapoa hapana."

Wamama, hata sasa ninapoiandika sentensi hii ninaishangaa. Ina maneno matatu, na mbili kati ya sheria zetu za sarufi zimevunjika ndani yake. Lakini imejibu ulizo la muuguzi kuliko vile mtu mzima wengi wangejibu. Uji ulikuwa bado haujapoa. Kikombe cha bati cha uji hakishiki moto nusu saa.

Nikamrudishia kwa Kiswahili kilichonyooka, pole pole, "Mtoto alitapika, na uji ulikuwa bado moto. Haukupoa." Akatikisa kichwa. Na kwa sababu kutikisa kichwa hakutoshi, nikageuza, "Uji ulikuwa baridi?" Akakataa kwa nguvu, "Baridi hapana! Moto!" Mtoto anayesema ndiyo kwa kila kitu asingeanguka hapo. Amekubali moja, amekataa kinyume chake, basi amesikia.

Tukamfikisha mtoto kituo cha afya pamoja na pakiti. Niliisema habari kwa muuguzi kwa ufupi: Jumatatu alikunywa, Jumanne alitapika mbele ya nusu saa, leo hajapewa. Akamwangalia mtoto, akauliza kama anatapika kila kitu, kama ameshikwa na degedege, kama ananyonya na kukunywa maji. Hizo ni alama za kukimbilia hospitali kubwa. Hakuwa na hata moja. Muuguzi akampa dawa mwenyewe, akatuambia tuketi nusu saa palepale, na ikabaki tumboni. Akaongeza kidonge kingine ili siku tatu zitimie. Shangazi aliporudi usiku alikuta mtoto anakula ndizi.

Tuache habari hiyo, sasa kazi ya kila siku. Mama anaweza kuniuliza: basi nimwache mtoto aseme "inapoa hapana" mpaka aolewe? Sivyo. Lakini usinyooshe kila kitu mara moja, kwa sababu mtoto anayekatizwa katika kila neno anajifunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza siku ile ya dawa asingetusaidia. Mimi ninachagua kosa linalobadilisha maana. Binti anasema pia "bakiti" kwa viti na "bakikombe" kwa vikombe, kwa sababu katika Kilingala cha Kinshasa "ba" inaweza kuingia mbele ya karibu kila jina ili kuonyesha wingi. Tunacheka kidogo, lakini hakuna atakayekosa kiti kwa ajili hiyo. Hiyo inangoja. Jana na kesho hazingoji. "Hapana" ya mwisho haingoji.

Na namna ya kunyoosha ni kujibu, si kusahihisha. Akisema "Kalamu iko hapana," ninasema, "Ah, kalamu haiko? Haiko kwenye mfuko? Haiko chini ya meza?" Amesikia "haiko" mara tatu, imebeba jambo analolitafuta, na hakuna aliyemwaibisha mbele ya wengine. Kwa jana na kesho nilimwomba shangazi amtumie usingizi. "Jana" ni mbele ya kulala, "kesho" ni nyuma ya kulala. Kila jioni, wakitandika mkeka, aseme sentensi moja ya kila upande: jana tulipika sombe, kesho tutapika maharagi. Ilichukua karibu juma tatu.

Na vitoto vyetu wenyewe vinafanya vilevile wakienda katika lugha nyingine, msifikiri ni shida ya Walingala. Katika darasa langu, mtoto wa hapa aliyezaliwa na Kiswahili akianza Kifaransa atasema mama yake amekwenda sokoni, na atamtaja kwa neno la mwanaume. Si kwamba hamjui mama yake. Ni kwamba Kiswahili kina "yeye" moja na "a" moja kwa baba na mama, na hajawahi kuombwa kuchagua. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba, juu ya Kifaransa cha serikali, na chini yao kuna lugha zetu za nyumbani. Mtoto wa Kongo anayehama mji anaweza kuvuka mbili ao tatu mbele ya kufika miaka kumi.

Kuna mpaka, lakini. Si kila sentensi iliyovunjika ina kanuni ndani yake. Mara nyingine mtoto amebahatisha tu, na ukiandika sentensi zake kumi hauoni kinachorudi. Hapo usijitengenezee maana, mwombe aonyeshe ao umtafute anayejua lugha yake. Na ikiwa una wasiwasi juu ya akili ya mtoto ao masikio yake, usimpime katika Kiswahili alichoanza jana. Mtafute mtu wa lugha yake ya kwanza, hata mke wa askari wa jirani, amsikilize anavyosimulia kitu: amekula nini, walicheza namna gani. Kama katika lugha yake anasimulia vizuri, Kiswahili kitakuja. Kama hata huko maneno yanakwama na hafuati anachoambiwa, hiyo ni sababu ya kwenda kwa muuguzi. Binti wetu tulimfanyia hivyo mwezi wa kumi. Yule mama aliyemsikiliza alituambia tumnyamazishe, anasema mno.

Sasa yuko katika hatua nyingine, na imetuletea kisa kipya. "Hapana" ya mwisho imekwisha. Ameona kwamba tunasema hatujui, hamjui, hawajui, na ametambua kwamba "ha" ndiyo inayokana. Sasa anaiweka kila mahali, hata kwa mtu wa kwanza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba hapo Kiswahili kinageuka na kusema "si". Badala ya sijui anasema "hanijui". Kwa hesabu yake ni sawa: ha, ni, jui. Lakini sisi tunasikia mtu fulani hamjui yeye.

Juma lililopita, nyanya alimwongezea ugali. Binti alikuwa ameshiba. Akasukuma sahani polepole, akasema, "Koko, hanipendi."

Nyanya alinyamaza. Alikuja kwangu jioni, akiwa ameshika fimbo yake, akaniuliza ni nani katika nyumba yake asiyempenda mtoto yule. Nikamwuliza sahani ilikuwa wapi binti aliposema hivyo. Akanionyesha kwa mkono: alikuwa ameisukuma. Nikamwambia kupenda kwake ni kutaka, na "hani" yake ni "si". Nyanya akafikiri, akasema polepole, "Sitaki." Kisha akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi yangu.

Sasa, nikipita pale saa ya chakula, ninamsikia akimwuliza binti kwa sauti kubwa, "Unataka ao hutaki? Sema: sitaki." Na binti anajibu, "Hanitaki, Koko," na nyanya anasema, "Basi, nimesikia, lete hiyo sahani."